Kamba Moja, Watoto Kumi: Historia ya Turkana Ambayo Unaweza Kuiruka

Wasee wangu, leo siongei mafuta, wala kaunti, wala nani amekula pesa ya nani. Leo naongea kamba. Ndio, kamba ya kuruka. Nilikuwa Eliye Springs likizo ya Agosti kwa shangazi yangu, na nimerudi Lodwar na maoni ambayo lazima niyatoe: ukitaka kujua ni nini kimewahi kuingia Turkana na kimeingia lini, shika kamba ambayo watoto wanaruka. Na ukitaka kutenganisha watoto wa mtaa mmoja, wape kila mmoja kamba yake.

Najua sentensi hiyo ya mwisho inashangaza. Nipe dakika kadhaa.

Kwa ambao hamjafika, Eliye iko kando ya ziwa, safari ya mchanga mtupu kutoka Lodwar. Maji matamu yanatoka chini ya kilima cha mchanga, mikoma imesimama kila mahali, na mbele yako ni ziwa. Hapo nyumbani kwa shangazi watoto walikuwa kama kumi. Wengi ni Waturkana wa hapo hapo, watoto wa wavuvi. Wawili ni wa familia ya Kiluo iliyokuja kununua samaki, mmoja baba yake ni Msomali mwenye duka, na wengine wawili walikuwa wageni wa kutoka Kakuma. Wasichana na wavulana, mkubwa miaka kumi na tatu, mdogo minne. Na wote walikuwa na kamba moja.

Tuanze na kamba ya zamani. Nyanya yangu anasema wao waliruka kamba ya majani ya mkoma, ule mti tunaouita eengol. Majani mabichi yanachanwa nyembamba, yanalowekwa, halafu yanasokotwa yakiwa na unyevu, kwa sababu yakikauka kabla hujasokota yanavunjika. Ni kazi ile ile ya mama zetu wanaosuka vikapu. Kamba hiyo ni nzuri asubuhi, lakini ikipigwa na jua la Turkana hadi mchana inakuwa ngumu kama kijiti na inakuchapa miguu. Kwa hivyo ukitaka kucheza tena unairudisha majini. Wakati huo hakukuwa na kingine cha kununua. Serikali ya mkoloni ilikuwa imefunga eneo hili, huingii wala hutoki ovyo bila kibali, na bidhaa za duka zilikuwa chache. Si bure kwamba mwaka 1959, Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, waliamua kumweka Lodwar. Walitaka mahali ambapo dunia haifiki.

Halafu ikaja nailoni. Ukame wa 1960 na 1961 uliua mifugo mingi sana, na watu wengi waliobaki bila kitu wakakusanyika karibu na ziwa kupata chakula cha msaada. Katika miaka hiyo ya 1960 serikali na wamishonari wakasukuma uvuvi wa nyavu upande wa Kalokol, ili aliyepoteza ng'ombe apate kitu cha kushika. Nyavu zikaja na kamba zake. Mvuvi akiona kamba ya mashua imechakaa haiaminiki tena, anaitupa. Mtoto anaiokota. Hiyo ndiyo kamba niliyoikuta Eliye: nene karibu kama kidole gumba, hatua sita au saba kwa urefu, imepauka kwa jua.

Miaka ya 1980 Norway ikasaidia kujenga barabara ya lami ya Kitale hadi Lodwar. Lori zikaongezeka, baiskeli zikaongezeka, na mahali penye magurudumu pana tyubu zilizopasuka. Unakata tyubu vipande vyembamba, unaunganisha kwa mafundo, unapata blada. Wawili wanaivuta kwa vifundo vya miguu, wa tatu anaruka, kisha inapanda magotini, kiunoni, mabegani. Mimi nimekulia Lodwar nikiruka blada. Na tangu 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa kwa vijana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan, kukaja gunia za chakula cha msaada. Mmoja wa wale wageni wa Kakuma alinionyesha: unafumua nyuzi za gunia, unasuka tatu tatu kama nywele, unapata kamba.

Umeona? Ukame, barabara, vita. Vyote vimepita mikononi mwa mtoto, na yeye amevigeuza kuwa kitu cha kuruka.

Sasa turudi kwa mchezo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Kamba ya mvuvi ni ndefu na nzito, kwa hivyo hakuna mtoto anayeweza kuizungusha peke yake. Lazima wawili wazungushe. Na ikizunguka, katikati panatosha watoto watatu, hata wanne. Yaani kamba yenyewe inalazimisha watu watano au sita kuwa kwenye mchezo mmoja. Anayeikanyaga anatoka kwenda kuzungusha, na yule aliyekuwa anazungusha anaingia kuruka. Hakuna anayetolewa kabisa. Ukikosea, unapewa kazi.

Wadogo nao wana mpango wao. Akiingia yule wa miaka minne, wazungushaji hawapitishi kamba juu ya kichwa. Wanaiyumbisha chini tu, huku na huku kama nyoka, naye anaruka. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Akikanyaga haendi kuzungusha, maana mikono yake haiwezi, ila anahesabu kwa sauti. Anahesabu kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo wote kumi wanaielewa.

Kuna ujuzi pia. Eliye ina upepo mkali, hasa asubuhi. Wa kwanza kuzungusha walisimama vibaya, upepo ukawa unapiga kamba ubavuni, kamba ikapinda upande mmoja na kila anayeruka anaikanyaga. Msichana mkubwa akawahamisha: mmoja asimame upepo unakotoka, mwingine upepo unakoenda, ili upepo upite kando ya kamba badala ya kuisukuma. Kisha akaichovya kamba kwenye maji ya chemchemi iwe nzito zaidi. Na hawakucheza kwenye mchanga mkavu. Walicheza pale maji yanapopita, ambapo mchanga una unyevu na umeshikana. Kwenye mchanga mkavu mguu unazama, kamba inaburuta na kupoteza kasi.

Hapo hapo penye unyevu ndipo wanapopiga bano. Bano ya kioo kwenye mchanga mkavu haiviringiki, inatua na kunyamaza. Na bano nazo zina historia ile ile. Mkononi mwa mvulana mmoja nilikuta aina tatu: kokwa za mkunazi, ambazo ni nyepesi na haziendi mbali, gololi ya chuma iliyotoka kwenye beringi ya lori, na bano za kioo za duka. Chuma ni kizito karibu mara tatu kuliko kioo cha ukubwa ule ule, kwa hivyo mwenye gololi anapiga bano yako inaruka mbali, na wakati mwingine inapasuka. Ugomvi ulianza hapo. Mtoto wa mwenye duka alikuwa na kioo kingi, yule wa Kakuma alikuwa na gololi moja tu, na wengine walikuwa na kokwa. Walibishana karibu nusu saa bila kupiga hata bano moja. Mwishowe wakakubaliana: gololi inaweza kuwekwa ichezewe, lakini hairuhusiwi kupiga. Na hawachezi kwa kula. Mchezo ukiisha kila mtu anachukua zake. Wangecheza kwa kula, wenye kokwa wangekuwa watazamaji baada ya raundi mbili.

Sasa ile sehemu iliyoniudhi. Siku ya nne kuna watu walikuja na gari, wakatoa zawadi kwa watoto. Siwataji, na nia yao haikuwa mbaya. Walitoa kamba za plastiki za rangi, fupi za kuruka mtu mmoja, zina mishikio. Kila mtoto yake. Shangwe, picha, kwaheri.

Nilikaa kivulini nikiangalia kilichofuata. Wasichana wakubwa walisambaa, kila mmoja kona yake, akihesabu zake. Wavulana walijaribu kidogo, mmoja akacheka kwamba hizi ni za wasichana, wakaenda kwa bano na hawakurudi. Yule wa miaka minne alijinyonga miguu mara tatu kisha akaketi chini na kamba yake begani. Kamba yake alikuwa nayo. Aliyekosekana ni wa kumyumbishia.

Siku ya pili msichana mkubwa akakata mishikio na kuunganisha kamba tatu. Haikufanya kazi: plastiki ni nyepesi, upepo unaibeba, na mafundo yanashika miguuni. Alasiri niliwaona wanarudi kwa ile kamba kuukuu ya mvuvi. Walikuwa tisa. Wa kumi, yule wa duka, alikuja jioni baada ya kubembelezwa, kwa sababu kamba yake mpya ilikuwa ya rangi aliyoipenda.

Kuna atakayeniambia, "Wewe unapinga zawadi?" Sipingi. Hata kamba fupi ina faida yake: mtoto aliye peke yake nyumbani anaweza kuruka bila kumngoja mtu. Na sidanganyi kwamba kamba ya mvuvi ni salama kila mara. Imeachia nyuzi, inaparuza viganja, na mzungushaji aliyechoka akiipiga vibaya inaacha alama kwenye ndama ya mguu. Ninayo moja mpaka sasa, si uongo.

Lakini kama unaleta kitu kwa watoto wa Eliye, Lodwar au Kakuma, uliza swali moja kabla hujanunua: hiki kinachezwa na wangapi? Kwa bei ya zile kamba kumi unaweza kununua moja ndefu ya pamba au katani, hatua saba, nene na nzito ya kushinda upepo, na ukabaki na chenji. Miaka yote hii, watoto wetu walipokea walichoachiwa na ukame, na barabara, na vita, wakakifanya kiwe cha wengi. Hiki cha juzi ndicho cha kwanza nimeona kikija kimeshagawanywa tayari.

Wewe kwenu mliruka kamba ya nini? Niandikie hapo chini, na useme ilitoka wapi. Wale wa blada, nawajua. Najua pia nani alikuwa anaangusha mguu na kukataa kwamba amekanyaga.