Gliptini na pioglitazoni

Gliptini na pioglitazoni ni dawa za kumeza za kutibu kisukari aina ya pili. Mara nyingi huongezwa pale ambapo metformini peke yake haishushi sukari ya damu vya kutosha. Zinatofautiana hasa katika athari zake kwa uzito na maji mwilini.

== Utendaji ==
Gliptini, kama vile sitagliptini na linagliptini, huzuia kimeng'enya kinachovunja homoni za utumbo. Homoni hizo huchochea kongosho kutoa insulini baada ya mlo, lakini sukari ikiwa juu tu. Kwa hiyo gliptini zikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na kwa kawaida hazibadilishi uzito.

Pioglitazoni hufanya mwili uitikie vizuri zaidi insulini uliyo nayo. Nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki kadhaa.

== Uzito na maji ==
Pioglitazoni huongeza uzito kwa njia mbili. Ya kwanza ni mafuta, ambayo huongezeka polepole chini ya ngozi, huku yale ya ini yakipungua. Ya pili ni maji: dawa huzifanya figo zibakize chumvi, na chumvi hubakiza maji. Hatari huwa kubwa zaidi dawa ikitumiwa pamoja na insulini.

Kwa mfano, mgonjwa wa kilo 80 aliyefikisha kilo 83 baada ya miezi sita, bila uvimbe, huenda ameongeza mafuta. Lakini akiongeza kilo 3 ndani ya wiki moja, viatu vikambana jioni, na kidole kikiacha shimo kinapobonyeza kifundo cha mguu, hayo ni maji. Akikosa pumzi anapolala chali, moyo unaweza kuwa umeanza kushindwa kusukuma damu, naye anahitaji kuonwa na daktari haraka. Dawa za kuongeza mkojo mara nyingi hazitoshi kuondoa uvimbe huu. Tiba ni kupunguza au kusimamisha pioglitazoni.

== Uchaguzi ==
Gliptini huwafaa wazee na watu ambao hawapaswi kuongeza uzito. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo cha sitagliptini, lakini linagliptini haihitaji kupunguzwa. Hata hivyo, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba saksagliptini iliongeza kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo kushindwa. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma yanaweza kuashiria uvimbe wa kongosho.

Pioglitazoni huchaguliwa zaidi kwa mtu ambaye mwili wake hauitikii insulini vizuri, hasa akiwa na mafuta kwenye ini, mradi moyo wake ni mzima. Haipewi mwenye moyo ulioshindwa wala mwenye saratani ya kibofu cha mkojo, na huepukwa kwa wanawake wenye mifupa dhaifu kwa kuwa huongeza hatari ya kuvunjika.