Kura Bila Mtaji: Hisa za Madaraja Mawili na Pengo Linalokua

Mwezi Mei 2010, kampuni ya vipuri vya magari ya Magna International, yenye makao yake Aurora katika jimbo la Ontario, Kanada, ilitangaza mpango wa kununua na kufuta hisa 726,829 za daraja B. Zote zilikuwa mikononi mwa amana ya familia ya mwanzilishi wake, Frank Stronach. Hisa ya daraja A siku hizo iliuzwa sokoni kwa dola za Marekani zipatazo 62, na kwa kuwa madaraja yote mawili yalikuwa na haki ileile ya kupata gawio, mtu angetarajia hisa hizo za B zigharimu kama dola milioni 45. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 300 taslimu pamoja na hisa mpya milioni 9 za daraja A, jumla iliyokadiriwa kufikia dola milioni 863. Malipo hayo yalikuwa takribani mara 19 ya thamani ya umiliki uliokuwa ukinunuliwa. Tofauti yote, zaidi ya dola milioni 800, ilikuwa bei ya kura.

Msomaji aliyezoea masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako hisa ya kawaida hubeba kura moja, anaweza kuona kwamba tatizo hapa ni ule ukosefu wa usawa wenyewe. Makala haya yanashikilia hoja tofauti. Kumpa mwanzilishi kura nyingi kuliko mtaji wake si kosa kwa asili yake, na wapo wawekezaji wengi wenye akili timamu wanaokubali mpango huo kwa hiari. Kasoro iko kwenye uwiano wa kura usiobadilika huku umiliki ukiendelea kupungua. Hisa za madaraja mawili huandikwa kwa ajili ya siku ya kwanza, lakini hutawala kampuni kwa miongo, na katika miongo hiyo pengo kati ya kura na mtaji hupanuka bila mtu yeyote kulipigia kura. Kwa hiyo kinachostahili kudhibitiwa ni upana wa pengo hilo, na kipimo chake kinapaswa kuwa sehemu ya mtaji ambayo mwenye mamlaka bado anaimiliki.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme hisa ya B ina kura 10 na ya A ina kura moja. Mwenye hisa zote za B atafikia nusu ya kura pale atakapomiliki sehemu moja kati ya 11 ya mtaji wote, yaani asilimia 9.1. Kila hisa mpya ya A inayotolewa ili kukusanya fedha au kununua kampuni nyingine humsogeza karibu na mpaka huo, lakini hadi aufikie hapotezi chochote cha mamlaka. Katika Magna uwiano ulikuwa mkali zaidi. Mfumo huo ulipoanzishwa mwaka 1978, hisa ya B ilipewa kura 500. Mwaka 2007 zikapunguzwa kuwa 300. Kwa kura 300, mtu anahitaji sehemu moja tu kati ya 301, theluthi moja ya asilimia, ili atawale. Kufikia 2010 hisa za A zilikuwa zimekaribia milioni 112. Zidisha 726,829 kwa 300, upate kura milioni 218. Zigawe kwa jumla ya kura milioni 330, na utaona kwamba amana ya Stronach ilikuwa na asilimia 66 ya kura zote kwa umiliki usiofika hata asilimia 0.7 ya mtaji.

Umiliki mdogo kiasi hicho hubadilisha motisha kwa namna ambayo asilimia za kura pekee hazionyeshi. Mwenye asilimia 30 ya mtaji akiamua jambo linaloipotezea kampuni dola 100, dola 30 zimetoka mfukoni mwake. Mwenye asilimia 0.65 hupoteza senti 65. Haihitajiki kumdhania mtu ubaya ili kuona uzito wa jambo hili. Mradi anaoupenda mwanzilishi, mkataba wa ushauri na kampuni zake, uamuzi wa kubaki kitini miaka mitano zaidi: kila kimoja humgharimu karibu na bure, na faida yake binafsi huipata yote. Stronach alikuwa akilipwa na Magna ada za ushauri zilizokokotolewa kama asilimia ya faida kabla ya kodi, na mpango wa 2010 uliziendeleza kwa viwango vinavyoshuka hadi mwisho wa 2014. Malipo hayo yaliwekwa wazi mbele ya wanahisa, na walikuwapo walioyaona kuwa haki yake kwa kampuni aliyoijenga kutoka karakana ndogo ya Toronto. Hata hivyo, ada inayokokotolewa juu ya faida yote ya kampuni hufanya kazi kama gawio la mtu mmoja, na ni kura ndizo zilizompa nafasi ya kulijadili.

Watetezi wa mfumo huu hujibu kwamba hakuna aliyelazimishwa. Waraka wa toleo la hisa husema wazi kwamba hisa ya A ina kura chache, mnunuzi hulipa bei inayozingatia hilo, na makubaliano ya watu wazima yanapaswa kuheshimiwa. Ni hoja nzito, na kwa siku ya kwanza naikubali. Ila bei ya siku ya kwanza huakisi pengo la siku ile. Mnunuzi wa toleo la kwanza humwona mwanzilishi mwenye sehemu kubwa ya mtaji, kijana, aliyezama katika kazi. Hana njia ya kupima bei ya hali itakayokuwapo miaka 30 baadaye, sehemu hiyo itakapokuwa imesinyaa na pengine kurithiwa na watu ambao hakuwahi kuwaamini. Utafiti wa Paul Gompers, Joy Ishii na Andrew Metrick kuhusu kampuni za Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, unaafikiana na mtazamo huu: thamani ya kampuni ilipanda kadiri wakubwa wa ndani walivyokuwa na haki zaidi ya mapato, na ilishuka kadiri walivyokuwa na kura zaidi. Mambo hayo mawili huvutana, na linaloendelea kupungua kwa miaka ndilo lile linalowalinda wengine.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya mfano wenyewe wa Magna, na ni gumu zaidi. Mpango ulipotangazwa, bei ya hisa ya A ilipanda kwa zaidi ya asilimia 10. Mwezi Julai wanahisa wa A, wakipiga kura bila Stronach kuhesabiwa, waliuidhinisha kwa karibu robo tatu ya kura, na mahakama ya Ontario ikaubariki. Kama wote walitoka na faida, malalamiko yanatoka wapi? Jibu liko kwenye kupanda huko kwa bei. Soko lilikuwa likisema kwamba kampuni isiyo na pengo ina thamani kubwa kuliko ileile yenye pengo, kiasi kwamba hata baada ya kulipa dola milioni 863 kilibaki cha kugawana. Ongezeko hilo ndilo kipimo cha hasara ambayo wanahisa walikuwa wakiibeba kimyakimya. Nao hawakuchagua kati ya bei hii na bei nafuu zaidi. Walichagua kati ya kulipa na kuendelea kama zamani bila ukomo, kwa kuwa hapakuwa na kifungu chochote cha kuzikomesha hisa za B. Kura inayopigwa katika hali hiyo huonyesha kwamba kuondoka ni bora kuliko kubaki, lakini haisemi kama nauli ilikuwa ya haki.

Utaratibu nao ulikuwa dhaifu mahali ulipotakiwa kuwa imara. Bodi iliunda kamati maalumu ya wakurugenzi huru, lakini kamati hiyo haikupendekeza wanahisa wakubali wala wakatae, na mshauri wake wa fedha hakutoa maoni kwamba bei ilikuwa ya haki. Tume ya Dhamana ya Ontario iliposikiliza shauri mwezi Juni, haikuuzuia mpango. Iliagiza waraka wa wanahisa urekebishwe kwa sababu taarifa zilizotolewa hazikutosha kumwezesha mtu kuamua. Sioni kwamba tume ingeweza kufanya zaidi. Mdhibiti anayefika mwishoni, pengo likiwa limeshafikia asilimia 66 dhidi ya 0.65, hana cha kurekebisha isipokuwa karatasi. Soko la Hisa la Toronto lilikuwa limeanza mwaka 1987 kudai kifungu cha ulinzi katika kampuni zenye hisa za namna hii, ili ofa ya ununuzi inayotolewa kwa wenye kura nyingi iwafikie na wengine pia. Muundo wa Magna ulikuwa mkongwe kuliko kanuni hiyo, ukaachwa ulivyo.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni ukomo wa miaka: baada ya 7 au 10 tangu kampuni iorodheshwe, hisa zote zigeuke za kura moja. Naiona kuwa kipimo kisicholenga shabaha. Humwondoa mwanzilishi ambaye bado anamiliki robo ya mtaji wa kampuni, na humwacha kwa miaka yote hiyo yule aliyeuza karibu kila kitu mwaka wa pili. Kifungu kinachotazama umiliki hufuata chanzo cha tatizo: mwenye hisa za B akishuka chini ya asilimia fulani ya mtaji wote, tuseme 10, kura zake za ziada zinakoma. Ni muhimu kiseme mtaji wote wa kampuni. Shopify, kampuni nyingine ya Kanada, iliunda mwaka 2022 hisa maalumu inayomhakikishia mwanzilishi wake, Tobi Lütke, asilimia 40 ya kura, kwa masharti yanayojumuisha kubaki na hisa zisizopungua asilimia 30 ya zile za daraja B alizokuwa nazo wakati huo. Sharti hilo linamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Kampuni ikitoa hisa mpya mara tatu ya zilizopo, sehemu yake ya mtaji itaporomoka na sharti litabaki limetimizwa.

Kizuizi cha umiliki kina gharama zake, na zinapaswa kukubaliwa waziwazi. Mwanzilishi anayekaribia mpaka atasita kutoa hisa mpya hata pale kampuni inapohitaji mtaji, na anaweza kupendelea mikopo. Magna yenyewe iliwahi kulemewa na madeni karibu na mwaka 1990. Gharama hiyo, hata hivyo, humpata pia mwanzilishi aliye karibu na asilimia 9.1 chini ya uwiano wa kura 10, kwa sababu naye ana mpaka wa kuulinda. Kigumu zaidi ni kuupima umiliki wenyewe. Mwenye hisa anaweza kuziweka rehani benki, au kuingia mkataba unaomlipa bei ikishuka, na daftari la wanahisa likaendelea kuonyesha asilimia 12 ilhali hatari anayoibeba ni ya asilimia 3. Kifungu kitakachotajwa katika katiba ya kampuni hakina budi kuhesabu hisa baada ya kuondoa mikataba ya aina hiyo, na kumlazimisha mwenye hisa za B kuitangaza kila mwaka kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuiona.