Jumatatu ni siku ya ngapi? Safari ya wimbo wa juma hadi Turkana

Katika chekechea za Lodwar, watoto hushikana mikono wakafanya duara, mwalimu akaanzisha Jumatatu, nao wakaendelea kwa makofi mpaka Jumapili. Majina hayo yalitoka pwani, ambako juma lilianza kuhesabiwa baada ya sala ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano ya tano. Shule ilipoanzia Jumatatu, siku ambayo ofisi na madarasa hufunguliwa, ilimfanya mtoto aanze juma kwa tatu.

Kwa wafugaji wa Turkana, muda ulipimwa kwa mwezi na kwa misimu: akiporo wakati wa mvua, akamu wakati wa kiangazi. Juma la siku saba liliingia na serikali ya kikoloni, likakita mizizi kwa misheni. Mapadre wa Mtakatifu Patriki walifika mwaka 1961, wakati wa njaa kali, na Jumapili ikawa siku inayojulikana hata kwa asiyejua kusoma. Chekechea zilikuja baadaye, na tangu 2013 ziko chini ya kaunti.

Kakuma ndiko wimbo huu ulikopata mtihani wake. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao watoto, kisha wakaja Wasomali, Wakongo na wengine. Mtoto wa Kisomali nyumbani husikia Jumatatu ikiitwa Isniin, jina linalotokana na mbili ya Kiarabu. Aliyelelewa kwa Kiswahili cha Katanga huiita kazi moja, yaani siku ya kwanza ya kazi, na Jumamosi ni siku ya mposho, kumbukumbu ya mgao wa chakula uliotolewa kwa wafanyakazi wa migodi. Hivyo Jumatatu ileile ina moja, mbili na tatu, kutegemea mtoto ametoka nyumba gani. Ndiyo maana namwonea huruma mtoto wa Katanga: anaonekana hajui Kiswahili, kumbe anakijua kingine.

Kukariri mfululizo si kujua siku. Mtoto anaweza kuimba yote bila kukosea, lakini ukimkatiza ukamuuliza, "Baada ya Alhamisi?", anarudi Jumatatu na kuimba upya kimoyomoyo mpaka afike. Hapo mwalimu hujua kwamba ameshika wimbo tu. Dawa ni kuuvunja: watoto saba wapewe kadi za siku, mmoja achuchumae, wengine waseme nani hayupo, kisha waanzie Jumatano badala ya Jumatatu. Kila siku ipewe pia tendo ambalo mtoto analiona, kama soko au ibada. Na kabla ya kumsahihisha anayesema kazi moja, mwalimu amwombe aimbe juma lote la kwao. Akilimaliza kwa mpangilio, juma analo tayari. Kilichobaki ni kumpa majina ya hapa.