Siku Kumi za Denimaki na Wiki Sita za Nyeri: Endokaditi, Vidonge na Damu Isiyooteshwa

Jaribio la Denimaki liitwalo POET, lililotolewa katika jarida la tiba la New England mwaka 2019, limewapa nguvu wanaotaka kufupisha ulazwaji wa wagonjwa wa endokaditi, yaani maambukizi ya bakteria kwenye vali za moyo. Wagonjwa 400 waliokwisha kutulia baada ya angalau siku 10 za dawa za mshipani waligawanywa makundi mawili: wengine waliendelea na dripu, wengine wakahamia vidonge. Vifo, upasuaji usiopangwa, mabonge ya damu yaliyochomoka moyoni na kurudi kwa bakteria katika damu, vikijumlishwa, viliwapata asilimia 12.1 ya waliobaki kwenye dripu na asilimia 9.0 ya waliokunywa vidonge. Ukisoma tarakimu hizo peke yake, mkulima wa Endarasha aliyelazwa mjini Nyeri kwa mwezi na nusu, huku ng'ombe wake wakikamuliwa na jirani, anaonekana kuadhibiwa bure.

Nadai kwamba hoja hiyo inaanzia mahali pasipo pake. Wadenimaki hawakufupisha matibabu, walibadilisha tu njia ya kuyatoa. Tena walifanya hivyo kwa wagonjwa ambao bakteria wao walijulikana kwa jina. Huku kwetu jina hilo hupotea mapema, mara nyingi kwenye kemisti, kabla hospitali haijamwona mgonjwa.

Vali nzima ni vigumu kuambukizwa. Utando laini unaoifunika hauwapi bakteria pa kushika, na damu hupita kwa kasi. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni, huacha vali nene na yenye makovu, isiyofungika sawasawa. Damu inayovuja hutoka kama mchirizi wenye nguvu na kuchubua utando. Palipochubuka hutua chembe sahani na nyuzi za faibrini, tabaka dogo lisilo na bakteria wala madhara kwa muda huo. Mwaka 1963 Simon Rodbard alipitisha hewa yenye bakteria katika mrija wa agari uliobanwa katikati, akaona kolonia zikiota mara tu baada ya sehemu iliyobanwa, upande wa shinikizo dogo. Hiyo ndiyo sababu vali ya mitrali inayovuja huota vimea upande wa atria, na vali ya aota upande wa ventrikali.

Kilichobaki ni bakteria kupita katika damu, jambo linalotokea hata mtu mwenye fizi zinazotoka damu akipiga mswaki. Streptokokasi wa mdomoni na stafilokokasi wa ngozini wana vishikizo vya kunata kwenye tabaka hilo. Wakishatua, huchochea chembe sahani na faibrini zaidi ziwafunike. Ndani ya kimea hamna mishipa ya damu, na seli nyeupe hazifiki kwa wingi. Gramu moja inaweza kubeba bakteria bilioni moja na zaidi, walio ndani wakizaliana polepole sana.

Kwa hiyo dawa inabaki peke yake vitani. Haitoshi izuie bakteria kuzaliana ili kinga ya mwili imalizie, sababu kinga haipo pale. Lazima iue. Nayo penisilini huua vizuri bakteria anayejenga ukuta wake ili agawanyike. Aliyelala humponyoka mpaka atakapoamka. Basi kiwango cha dawa katika damu lazima kiwe cha juu, ipenye mpaka kiini cha kimea, na kikae juu kwa wiki nyingi. Kwa streptokokasi anayesikia penisilini kwenye vali asilia ni wiki 4. Kwa stafilokokasi mara nyingi 6. Siku huhesabiwa tangu damu ilipoacha kuotesha kitu. Somo hili lilijulikana mapema: wagonjwa wa kwanza waliopewa penisilini kidogo, kwa siku chache, walipata nafuu kisha homa ikarudi. Leo Loewe na wenzake walipotoa taarifa ya wagonjwa saba waliofaulu, Brooklyn mwaka 1944, walikuwa wameongeza dozi na muda.

Turudi Endarasha kwa mgonjwa wa mfano, niliyemuunda kutokana na mwenendo unaojulikana. Mama wa miaka 34, mwenye viazi na ng'ombe wawili wa maziwa, ana vali ya mitrali iliyoharibika bila yeye kujua. Kwa wiki tatu anapata homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Kliniki inampima brusela kwa kipimo cha haraka cha antijeni, na kinasema ndiyo. Si ajabu: watu wa huko wanaishi na mifugo. Lakini utafiti uliofanywa katika vituo vya afya vya Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo hicho ni kibovu, kikiwapa jibu la ndiyo wengi wasio na ugonjwa. Anapewa doksisaiklini na rifampisini. Homa inashuka, kila mtu anaridhika.

Huu ndio mtego. Dawa zimenyamazisha bakteria walio katika damu, wale wa kimea wamebaki. Wiki mbili baada ya kumaliza dawa homa inarudi, safari hii na kuhema. Asubuhi moja mkono wa kulia unalegea na maneno yanamkwama. Nyeri, daktari anasikia mnung'uniko juu ya titi la kushoto, anaona mistari myeusi kama vibanzi chini ya kucha, na mkojo una damu isiyoonekana kwa macho. Eko ya moyo inaonyesha kimea kinachoyumba kwenye mitrali.

Kwa vigezo vya Duke vilivyorekebishwa mwaka 2000, kimea ni kigezo kikuu kimoja. Vali mbovu, homa na kipande kilichorukia ubongo ni vigezo vidogo vitatu. Utambuzi umekamilika. Ila damu iliyochukuliwa mara tatu haikuotesha chochote. Hesabu inathibitisha ugonjwa bila kumtaja mdudu. Daktari analazimika kutibu gizani: ampisilini na seftriaksoni, au mojawapo na jentamisini inayotishia figo na masikio, kwa wiki 6 badala ya 4. Na kama ni brusela kweli, mchanganyiko huo hautoshi. Brusela ya vali hudai dawa tatu kwa angalau miezi mitatu, na mara nyingi upasuaji.

Sasa tazama tena POET. Kati ya wagonjwa 1,954 waliochunguzwa ni mmoja tu kati ya watano aliyeingizwa. Waliohitajika ni wale wenye streptokokasi, enterokokasi au stafilokokasi waliothibitishwa. Vidonge vilikuwa vya aina mbili kwa pamoja, vilivyochaguliwa kwa kufuata usikivu wa mdudu, na kabla ya kuhamia huko mgonjwa alipigwa eko kwa mpira unaomezwa. Mama yetu angekataliwa mlangoni.

Ndiyo maana nasema damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dawa ya kwanza. Nitapingwa kwamba kituo kidogo hakina maabara ya kuotesha damu. Ni kweli, lakini kuchukua damu si kuiotesha. Chupa za damu hustahimili saa kadhaa katika joto la kawaida, bila friji, zikisafirishwa siku hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni michomo mitatu sehemu tofauti, mililita 20 kila mmoja kwa mtu mzima, wa kwanza na wa mwisho ikiachana saa moja au zaidi. Hakuna haja ya kungoja homa ipande, kwa kuwa bakteria wa vali humwagika katika damu muda wote. Ujazo ndio muhimu, maana mililita moja huweza kubeba bakteria wachache mno. Mgonjwa aliyelegea sana hapaswi kungoja hiyo saa. Achukuliwe haraka, dawa ifuate. Lakini aliyeumwa wiki tatu, anayetembea, anaweza kungoja dawa mpaka jioni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: gharama ya kitanda. Hapa nakubali nusu. Streptokokasi akijulikana, seftriaksoni gramu 2 hutolewa mara moja kwa siku, na baada ya wiki mbili tulivu za hospitali, bila vali ya bandia wala kushindwa kwa moyo, muuguzi wa kituo cha karibu na nyumbani anaweza kuitoa, daktari akimwona kila wiki. Hiyo si njia ya vidonge, bado ni ya mshipani, na pengine ndiyo inayotufaa kuliko ile ya Denimaki. Kwa stafilokokasi, au kimea kikubwa kilichokwisha kurusha vipande, nisingethubutu: wengine kati ya wagonjwa hao tiba yao ni kisu cha mpasuaji wa moyo, na siku za kuamua hilo ni chache.