Sudan Kusini na mkataba wa haki za watu wenye ulemavu: Juba inatakiwa kuripoti nini?

Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizochelewa kujiunga na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupitisha tarehe 13 Desemba 2006. Sudan iliuridhia mwaka 2009, wakati Juba ilikuwa bado chini ya Khartoum. Lakini baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, dola jipya lilipaswa kujiunga kwa jina lake lenyewe, na hatua hiyo ilichukua zaidi ya mwongo mmoja.

Wengi hudhani kwamba mkataba huanza kuifunga nchi siku wabunge wanapoupigia kura, au siku rais anapotia saini. Sivyo. Kura ya bunge na saini ya rais ni mambo ya ndani ya nchi. Kinachohesabiwa kimataifa ni hati ya kujiunga inapopokelewa na Umoja wa Mataifa mjini New York, na mkataba huanza kuifunga nchi hiyo siku ya 30 baada ya hapo. Kuanzia siku hiyo serikali ina miaka 2 ya kuwasilisha ripoti yake ya kwanza, kisha angalau ripoti moja kila baada ya miaka 4.

Mfano wa jirani unasaidia kuelewa hesabu hii. Kenya iliridhia tarehe 19 Mei 2008, hivyo mkataba ukaanza kuifunga tarehe 18 Juni mwaka huo, na ripoti ya kwanza ikapaswa kufika tarehe 18 Juni 2010. Kamati ya wataalamu 18 inayosimamia mkataba huo mjini Geneva iliketi na ujumbe wa Kenya mwezi Agosti 2015. Ucheleweshaji wa namna hii ni wa kawaida, na ni jambo la kukumbuka kwa yeyote anayetarajia majibu ya haraka kutoka Juba.

Ndani ya nchi, mkataba unaingia katika sheria kupitia mlango uliokwisha kufunguliwa. Ibara ya 9 ya Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inasema kwamba haki zilizomo katika mikataba ya haki za binadamu ambayo Sudan Kusini imeridhia au kujiunga nayo ni sehemu ya sura ya haki ya Katiba yenyewe. Wakili anaweza kuutaja mkataba mbele ya hakimu bila kusubiri sheria nyingine. Hata hivyo, askari magereza au karani wa mahakama hafanyi kazi kwa kusoma Katiba; hufuata sheria na taratibu alizofundishwa. Ndiyo sababu kifungu cha 4 cha mkataba kinaitaka serikali itunge sheria mpya na pia ifute au irekebishe zile zinazowabagua watu wenye ulemavu. Kazi hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa sheria za zamani hazijitangazi kuwa za kibaguzi.

Gereza Kuu la Juba linaonyesha ugumu huo. Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch, na mwaka 2016 Amnesty International, yaliandika kuhusu watu wenye matatizo ya afya ya akili waliokuwa wakishikiliwa humo, baadhi yao bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Familia au polisi waliwapeleka huko kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Amnesty ilieleza kwamba Hospitali ya Mafunzo ya Juba ndiyo pekee ya umma iliyokuwa na wodi ya wagonjwa wa akili, yenye vitanda 12.

Kifungu cha 14 cha mkataba kinasema ulemavu hauwezi kamwe kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Kwa hiyo ripoti ya Juba haiwezi kuishia kwenye kauli kwamba serikali inawajali wagonjwa. Inapaswa kutaja ni sheria ipi inayoruhusu mtu kupelekwa gerezani kwa sababu ya hali ya akili yake, ni wangapi wanaoshikiliwa kwa msingi huo, na nini kinafanywa ili watoke. Hapa hoja ya umaskini haifui dafu. Mkataba unaruhusu haki za kiuchumi na kijamii, kama elimu na matibabu, zitekelezwe hatua kwa hatua kulingana na uwezo wa nchi. Uhuru wa mtu haumo katika kundi hilo. Wala kuwahamishia watu hao katika wodi iliyofungwa kwa kufuli si jibu, kwani Kamati imeeleza kwamba kumlaza mtu hospitalini kwa lazima kwa sababu ya ulemavu wake nako kunakiuka kifungu hicho. Inayobaki ni kujenga huduma karibu na makazi ya watu, na hiyo inahitaji bajeti.

Kuna suala la takwimu pia, linaloshughulikiwa na kifungu cha 31. Sensa ya mwaka 2008, ambayo ndiyo ya mwisho kamili kufanyika katika eneo hilo, ilikuta asilimia 5.1 ya watu wakiwa na ulemavu. Shirika la Afya Duniani hukadiria asilimia 16 kwa dunia nzima. Ni vigumu kuamini kwamba nchi iliyopitia vita kwa miongo mingi ina walemavu wachache kuliko wastani wa dunia. Sensa ikiuliza moja kwa moja kama nyumbani kuna mlemavu, wengi hukana kwa aibu au kwa kutojiona hivyo. Maswali mafupi yanayopendekezwa siku hizi huepuka neno hilo: humuuliza mtu kama anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na kwa kiasi gani. Wajumbe wa Kamati huuliza takwimu zilikusanywaje, na jibu dhaifu hapo hudhoofisha kila sura nyingine ya ripoti.

Ripoti ya kwanza haipaswi kuzidi maneno 31,800. Ni kazi ya serikali, ambamo Wizara ya Jinsia, Watoto na Ustawi wa Jamii ndiyo yenye dhamana ya masuala ya ulemavu, lakini kifungu cha 4 kinailazimu kushauriana na vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe. Vyama hivyo vinaweza pia kupeleka Geneva ripoti yao mbadala, na mara nyingi maswali makali ya wajumbe hutoka humo. Serikali ikinyamaza kwa muda mrefu, kifungu cha 36 kinairuhusu Kamati kuitumia taarifa ya onyo. Miezi 3 ikipita bila ripoti, inaweza kuichunguza nchi kwa kutumia habari nyingine za kuaminika ilizonazo.

Kamati haina uwezo wa kutoza faini wala kufuta sheria. Hutoa mapendekezo, kisha huyarudia katika mzunguko unaofuata. Mwaka 2015 iliitaka Kenya ioanishe na mkataba sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003. Sheria mpya ilitiwa saini mjini Nairobi mwaka 2025.