Unamu na umbo katika picha za angani: mfano wa Old Kampala

Unamu ni jinsi uso wa kitu unavyoonekana kutoka juu: laini, wa vipele au wa mistari. Pamoja na umbo la kingo, ndio humwezesha msomaji wa picha ya setilaiti au ya ndege kutenganisha barabara, nyumba, maji na mashamba pale rangi inapodanganya. Old Kampala, kilima alikojenga ngome Frederick Lugard mnamo Desemba 1890, ni darasa zuri. Hapa bati lenye kutu, njia ya vumbi na kiwanja kilichochimbwa vyote ni vyekundu.

Barabara ya Old Kampala hukizunguka kilima kama pete. Ifuate kwa kidole: upana wake ni uleule, na inapojificha chini ya miti huibuka upande wa pili ikiendelea na pinda lilelile. Safu ya mapaa yenye kutu huiga mstari huo, lakini hukatika kila baada ya mita chache, na kila kipande kina pembe zake. Kisenyi, chini ya kilima, mabati yamebanana hata nyumba moja haishikiki kwa jicho. Hapo umbo hupotea na unamu wa chengachenga ndio unaosema kuna makazi.

Setilaiti nyingi hupita Kampala kabla ya adhuhuri, jua likiwa bado mashariki, kwa hiyo vivuli huangukia upande wa magharibi. Mnara wa Msikiti wa Taifa, kileleni, ukitazamwa kutoka juu kabisa ni nukta tu. Kivuli ndicho kinachoufichua. Kivuli hicho ni cheusi na laini kama kidimbwi, na wanaoanza hukosea hapo. Dawa ni kutazama kama kimeshikana na kitu kirefu upande wake wa mashariki.

Ukifuata mfereji wa Nakivubo hadi kinamasi kinachopakana na Ziwa Viktoria, kila kitu ni kijani. Mafunjo ni kama blanketi la sufu, hayana mistari. Magimbi yako katika vishamba vidogo visivyolingana, vikitenganishwa na mitaro myembamba yenye giza. Magugu maji yakitanda ziwani huonekana kama nchi kavu. Linganisha picha za siku mbili, maana upepo huyahamisha.

Kompyuta inaweza kupima unamu kwa kutazama pikseli tisa kwa pamoja, tatu kwa tatu. Tuseme katikati ya ziwa zote zina mwangaza wa karibu 40: tofauti ni ndogo, maji hayo. Ufukweni, sita zina 40 na tatu zina 110. Tofauti inaruka, na programu inaweza kuchora utepe wa “nyumba” kuuzunguka ukingo wote. Katika picha za Sentinel-2, ambazo pikseli zake ndogo zaidi ni mita 10 kwa 10, utepe huo huwa na upana wa mita 20 hivi. Ukiona makazi yamelizingira ziwa kwa upana usiobadilika, hapo hakuna mtu anayeishi.