Unapoletewa Taarifa ya Kuongezewa Kikomo cha Kadi ya Mkopo: Yapi ya Kusoma Kabla ya Kukubali

Baadhi ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba wametumiwa na benki zao ujumbe wa kuongezewa kikomo cha kadi ya mkopo, nao wanauliza kama kuna ubaya kujibu NDIO. Wanasema kadi wanayo tayari, na kilichobadilika ni kiasi tu. Mara nyingi hicho si kiasi tu. Ujumbe wa simu hutaja kikomo kipya kwa herufi kubwa, na masharti yaliyobaki huwa katika barua au katika jedwali la ada ambalo mtu anatakiwa alitafute mwenyewe.

Tuanze na kikomo chenyewe. Kikomo ni deni la juu kabisa ambalo benki itakuruhusu ubebe kwa wakati mmoja, wala si fedha uliyopewa. Ndani yake huwamo kikomo kingine kidogo, cha kutoa fedha taslimu kwenye mashine, ambacho aghalabu hukadiriwa kwa asilimia ya kikomo kikubwa. Kikipanda kimoja na cha pili hupanda. Fedha taslimu ndiyo matumizi ya kadi yenye gharama kubwa zaidi, kwani hutozwa ada siku ile ile, na katika kadi za kawaida riba huanza kuhesabiwa papo hapo bila ya zile siku ambazo mnunuzi hupewa kulipa bila ya nyongeza. Kwa hiyo iulize benki: katika kikomo kipya, fedha taslimu ni kiasi gani, na je, naweza kuifunga sehemu hiyo?

Jambo la pili ni kuangalia kama kadi inabadilishwa daraja. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa kutazama. Benki ikitaka kukupa kikomo kikubwa huenda ikakuhamisha kutoka kadi ya kawaida hadi ya daraja la juu, na kadi hiyo ina jedwali lake la riba, ada ya mwaka na ada ya kutoa fedha. Barua ikiwa na maneno kama "kadi mpya itatumwa" au "masharti ya daraja jipya yatatumika", basi usiifanye nyongeza ya kikomo. Huo ni mkataba mwengine.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi tumezikadiria sisi ili hesabu ionekane, si za benki yoyote. Mama mmoja ana kadi yenye kikomo cha shilingi 2,000,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ada ya mwaka ya shilingi 40,000, na malipo ya chini kila mwezi ni asilimia 10 ya deni. Anaahidiwa kikomo cha 5,000,000. Akisoma jedwali anakuta riba imekuwa asilimia 3.5, ada ya mwaka 120,000, na malipo ya chini yameshuka hadi asilimia 5. Huko kushuka kwa malipo ya chini ndiko kunakomfurahisha.

Tuseme deni lake ni 1,200,000, ada za skuli za watoto. Kwa masharti ya zamani, malipo ya chini ni 120,000. Katika hizo, 36,000 ni riba, na 84,000 zinapunguza deni. Kwa masharti mapya analipa 60,000 tu, nusu ya zile za kwanza. Lakini riba sasa ni 42,000, kwa hiyo kinachopunguza deni ni 18,000. Akiendelea mwaka mzima kwa malipo ya chini, bila ya kununua kitu chengine, kwa masharti ya zamani deni litabaki karibu 502,000. Kwa masharti mapya atakuwa amelipa kama 663,000, na bado anadaiwa karibu 1,001,000. Juu yake kuna nyongeza ya 80,000 ya ada ya mwaka, nayo hukatwa hata kama hakugusa kikomo kile kipya hata shilingi moja. Deni ni lile lile na mtu ni yule yule.

Ukitaka kujua haraka, chukua malipo ya chini ya asilimia ngapi, utoe riba ya mwezi ya asilimia ngapi. Kinachobaki ndicho kinachopunguza deni lako kila mwezi. Kwa mama huyu kilikuwa 7, kimekuwa 1.5.

Sasa tuje katika hukumu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh Septemba 2000, lilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo. Limesema kuwa kadi iliyofungamana na sharti la riba haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya muda usiokuwa na riba. Ile hoja ya "mimi hulipa yote kwa wakati" baraza halikuikubali, kwa sababu sharti lenyewe mtu amelitia saini. Kwa mtazamo wetu, mwenye kadi ya namna hiyo anapokubali kikomo kipya pamoja na riba mpya analiridhia sharti hilo kwa mara nyengine. Hivyo ujumbe huu si wa kujibiwa kwa NDIO. Wallahu aalam.

Kwa wenye kadi za benki au madirisha ya Kiislamu swali ni jengine. Azimio hilo hilo limeona kuwa ada maalumu isiyofungamana na kiasi cha mkopo wala muda wake, kama malipo ya huduma, si riba. Basi tazama nyongeza ya ada inakwenda na nini. Ada ya kutoa fedha ikiwa shilingi 5,000 kwa kila mara, hiyo ni ya huduma. Ikiwa ni asilimia ya kiasi ulichotoa, au ada ya mwezi inapanda kadiri deni linavyopanda, iulizie kwa maandishi kamati ya sharia ya benki. Jina la kadi halitoshi. Uliza pia ada ya kuchelewa inakwenda wapi, katika sadaka au katika faida ya benki.

Wapo wanaokubali nyongeza kwa ajili ya safari ya umra, kwa kuwa hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi mgeni anapofika. Kwa haja hiyo inatosha kuweka fedha zako kwenye kadi ya akaunti yako mwenyewe, baada ya kuiuliza hoteli kama inaipokea.

Mwisho, angalia namna ya kukataa. Baadhi ya barua huomba jibu, na nyengine huweka tarehe na kusema kuwa usipopinga kabla ya siku hiyo umekubali. Kwa barua ya aina ya pili, andika kukataa, taja namba ya barua na tarehe yake, peleka tawini na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Taarifa ya kadi ya mwezi unaofuata itazame mahali pawili: kikomo, na kiwango cha riba au ada. Kikomo kikiwa kimebaki kama kilivyokuwa lakini kiwango kimepanda, rudi tawini na nakala ile.